Alipokuwa Anasubiri, Alifanya Nini?

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wadogo mliokaa mstari wa mbele, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kisa kimoja kifupi, kisa cha mtoto aliyefunga siku moja ya Ramadhani akajifunza subira. Nimewasimulia watoto wa darasa la kwanza, la pili na la tatu kisa hicho kwa miaka mingi. Leo nitakisimulia tena kipande kwa kipande, na katikati nitasimama niwaeleze kwa nini kimekaa hivyo kilivyokaa.

Nianze na siku kiliponishinda.

Zamani kisa changu kilikuwa na sentensi chache tu. Mtoto aliamka, akala daku, akafunga. Njaa ikamshika, akasubiri. Jua likazama, akafuturu, mama yake akamsifu kwa subira yake. Basi. Nilipomaliza, msichana mmoja wa darasa la pili akanyoosha kidole. "Mwalimu, alipokuwa anasubiri, alifanya nini?" Nikamjibu, "Alisubiri." Akanitazama kidogo, akauliza tena taratibu, kana kwamba mimi ndiye sikusikia: "Ndiyo, mwalimu. Lakini alifanya nini?"

Sikuwa na jibu.

Nilikwenda nyumbani na swali hilo. Ndugu zangu, nilikuwa nimeiruka siku nzima! Baina ya daku na futari niliweka neno moja, "akasubiri", na ndani ya neno hilo ndimo ulimokuwa mchana wote, kiu yote, na kila nilichotaka watoto wajifunze. Mtu mzima akisikia "akasubiri" hujijazia mwenyewe, maana amekwisha kusubiri mengi. Mtoto wa miaka saba atajazia nini? Hana bado. Kwake neno hilo ni chumba kitupu.

Nikakifuta kisa, nikakiandika upya kujibu swali la yule mtoto. Kinaanza hivi.

Hidaya ana miaka saba. Usiku alimwambia bibi yake, "Bibi, kesho na mimi nafunga."

Bibi akamuuliza, "Nani amekwambia ufunge?"

"Hakuna. Nataka mwenyewe."

"Haya, mjukuu wangu. Nitakuamsha kwa daku."

Hapo nasimama. Kwa nini bibi ameuliza nani amekwambia? Kwa sababu saumu haijamlazimu Hidaya. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Saumu ya mtoto wa miaka saba ni mazoezi, na mazoezi hayafai kwa fimbo. Mtoto akisukumwa kufunga, ile saa ya kiu hatajishinda mwenyewe, atamkasirikia aliyemsukuma. Nimeona watoto waliomaliza mchana wao wamefura, na hawakujifunza lolote ila kwamba wakubwa wana nguvu. Ndiyo maana maneno "nataka mwenyewe" nimeyaweka ukurasa wa kwanza, na siyaondoi hata kisa kikiwa kirefu.

Kungali giza, bibi akamwamsha. Macho ya Hidaya hayakutaka kufunguka. Akala, akanywa maji, akauliza, "Bibi, ninakula mpaka saa ngapi?" Bibi akafungua dirisha. "Mpaka alfajiri itokeze. Tazama kule, chini kabisa mwa mbingu."

Watoto hupenda sana dirisha hilo, na mimi huwapa hapo kisa kidogo cha kweli. Katika Suratul Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu anasema kuleni na kunyweni mpaka uzi mweupe ubainike na uzi mweusi wa alfajiri. Sahaba mmoja, Adi bin Hatim, alipoisikia aya hiyo akachukua kamba mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, akaziweka chini ya mto wake wa kulalia. Usiku akawa anazitoa anazitazama. Hakuona tofauti! Asubuhi akaenda kumweleza Mtume, naye akamfahamisha kwamba hapo panatajwa weusi wa usiku na weupe wa mchana.

Mnaona watoto wanavyocheka? Hucheka kila mwaka. Na wakishacheka hawasahau kwamba saumu huanza angani, kwenye mstari ule mwembamba wa mwanga. Wazazi, nami niwaambie jambo moja hapa: mtoto akikosa daku kwa usingizi, siku hiyo si ya kujaribia. Mwacheni ale, ajaribu siku nyingine. Saumu bila daku ni nzito hata kwa mkubwa.

Asubuhi ya Hidaya siisimulii sana. Asubuhi ni nyepesi, tumbo lingali na daku, na mtoto anajisikia shujaa, anamwambia kila anayepita, "Leo nimefunga." Nusu ukurasa wa kisa unatosha. Mchana ndio unaotaka kurasa.

Karibu na Adhuhuri, Hidaya alicheza mbio na wenzake. Jasho likamtoka. Akakimbilia bombani, akafungulia maji, akanywa funda mbili. Akasimama. "Nimefunga!" Akalia kwa sauti. Siku yake imeharibika.

Watoto wadogo, niambieni. Imeharibika?

Nasikia wengine mnasema ndiyo, wengine hapana. Bibi yake alikuja, akamfuta machozi, akamwambia alivyosema Mtume: aliyesahau hali amefunga, akala au akanywa, na aitimize saumu yake, kwani Mwenyezi Mungu ndiye aliyemlisha na kumnywesha. Hidaya akaacha kulia. "Kwa hiyo maji yale nilipewa?" "Ulipewa. Haya, kapanguse uso, tutie udhu."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kisa kinapogeuka. Hidaya akainama bombani kutia udhu. Akachota maji, akayatia kinywani kusukutua. Baridi! Ulimi wote ukachangamka. Bibi alikuwa amempa mgongo. Bomba lilelile, maji yaleyale. Hidaya akawaza, "Nikimeza tone moja, nani atajua?"

Akayashika maji kinywani. Akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu.

Akatema.

Nikifika hapo darasani huwa kimya. Siongezi neno, kwa sababu naona kila mtoto amefumba mdomo wake akiyashika maji pamoja na Hidaya. Wenye kufunga wote mnaijua saa hiyo ya kusukutua. Hakuna mahali pengine mchana kutwa ambapo maji yanafika mpaka mlango wa koo kisha yanarudishwa kwa hiari. Na nimeweka makusudi ule usahaulifu kabla ya jaribu hili, bomba moja, tofauti ya dakika chache, ili mtoto aone mwenyewe kwamba kosa la kusahau limesamehewa lote, na kwamba anachoombwa ni kile tu anachokijua na kukikusudia. Mtoto asiyejua tofauti hiyo huishi na hofu, akimeza mate tu anadhani kafungua. Nimemkuta mtoto anatema mate mchana mzima mpaka midomo ikakauka. Waambieni watoto wenu: kumeza mate yako mwenyewe hakufunguzi.

Baada ya Adhuhuri njaa ikaja, lakini haikuja tumboni. Walimu mnalijua hili. Njaa ya mtoto mdogo huja kama hasira. Mdogo wake Hidaya alichukua kalamu yake ya rangi, akaivunja. Hidaya akapiga kelele, akainua mkono. Bibi akasema neno moja tu kutoka mlangoni: "Hidaya, umefunga nini?"

Hidaya akashusha mkono. "Nimefunga mdomo, bibi."

"Na mkono je?"

Maneno hayo ya bibi yametoka katika mafundisho ya Mtume kwamba mwenye kufunga akitukanwa au akichokozwa kwa ugomvi, aseme, "Mimi nimefunga." Nawafundisha watoto kuyasema kwa sauti, hasa kwa sababu kuyasema kunachukua muda. Mkono ulioinuliwa na maneno mawili yanayotakiwa kusemwa haviendi pamoja. Jaribuni. Subira ya mtoto mara nyingi ni hiyo nafasi ndogo ya pumzi moja, na anayeipata leo kesho huiongeza kidogo.

Wazazi, kabla sijaendelea, niseme juu ya mtoto wa pili katika kisa. Hidaya ana binamu yake wa miaka sita, naye alikuwa amefunga siku hiyohiyo. Adhuhuri kichwa kikamuuma, akawa mlegevu, hataki kucheza. Bibi akampa maji na chakula palepale, akamwambia, "Wewe umefunga mpaka Adhuhuri. Mwakani tutaona." Hakuna aliyemcheka. Nimemweka binamu huyo ndani ya kisa kwa sababu darasani kila mwaka wamo watoto wake, na kisa kikimsifu anayefika Magharibi peke yake, hao watajificha na kizunguzungu chao ili nao wasifiwe. Mkiona mtoto ana kizunguzungu, kichwa kinamuuma sana, anasinzia isivyo kawaida, hajakojoa kwa muda mrefu au mkojo wake ni wa rangi nzito, mfungulisheni. Msibishane naye. Na mtoto mwenye kisukari au selimundu asianze kabisa bila kauli ya daktari wake. Mtu mzima aliye mgonjwa, ambaye saumu ni faradhi juu yake, amepewa ruhusa na Qurani yenyewe. Itakuwaje kwa mdogo ambaye haijamlazimu?

Narudi kwa Hidaya. Ikaingia Alasiri. Sasa tumefika kwenye lile neno langu la zamani, "akasubiri".

Hidaya akalala kifudifudi. "Bibi, bado?"

"Bado."

"Bibi, bado?"

"Bado, mjukuu wangu."

Mtoto anayeuliza "bado?" mara kumi anatafuta mahali pa kuuweka wakati. Hauoni, haushiki. Bibi hakumkemea. Alimpa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kijiti.

"Kichomeke uani, palipo na jua. Weka kokoto pale ncha ya kivuli inapoishia. Kila ukirudi, weka nyingine."

Cha pili kilikuwa fundo la nyuzi za sufu. "Na katikati ya kokoto na kokoto, nitengenezee mwanasesere."

Kwa nini sufu? Hili ndilo kisa chote kimesimama juu yake, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kuna sahaba mwanamke, Rubayyi' binti Mu'awwidh, aliyetusimulia jinsi watu wa Madina walivyoanza kuifunga siku ya Ashura, tarehe kumi ya Muharram. Mtume alituma ujumbe asubuhi kwenye vijiji vya Ansari kwamba aliyefunga aendelee na saumu yake. Rubayyi' akasema kwamba tangu hapo walikuwa wakifunga na wakiwafungisha watoto wao. Wakawa wanawatengenezea mchezo wa sufu, na mtoto akililia chakula wanampa mchezo huo, mpaka unafika wakati wa kufuturu. Imo katika Bukhari na Muslim.

Nilipoisoma hadithi hiyo baada ya lile swali la yule msichana, nilikaa kimya kitambo. Miaka zaidi ya elfu moja, na jibu lilikuwa limeandikwa! Alipokuwa anasubiri alifanya nini? Alicheza. Mama zake walijua atalia, wakatengeneza mchezo kabla hajalia. Hawakumwambia "kuwa na subira". Walimtia kitu mkononi.

Kwa hiyo Hidaya akakaa na sufu yake. Akazungusha kichwa cha mwanasesere. Akaenda kutazama kivuli. Ilipoanza Alasiri kilikuwa kimepita kidogo urefu wa kijiti chenyewe. Sasa kimesogea. Akaweka kokoto. Akarudi, akafunga mkono wa kulia. Akaenda tena, kokoto. Mkono wa kushoto. Kokoto. Ndipo akagundua jambo, akamwita bibi yake akikimbia.

"Bibi! Kivuli kinakimbia!"

Ni kweli kabisa, na ukitaka hakikisha mwenyewe leo jioni. Adhuhuri kivuli ni kifupi na hukioni kikisogea. Baada ya Alasiri kinarefuka, na kadiri jua linavyoshuka kinarefuka kwa haraka zaidi. Kitafika mara nne ya kijiti, na kabla hujamaliza kushangaa kimefika mara nane. Kokoto za Hidaya zilianza zikiwa karibukaribu kama meno, zikaishia mbalimbali, hatua nzima baina ya moja na nyingine. Ile saa ambayo tumbo linasema wakati umesimama, ndiyo saa ambayo kivuli kinakwenda mbio kuliko zote. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuliamini hilo kwa maneno, ila akiliona ardhini analiamini. Tangu nilipokiweka kijiti ndani ya kisa, sijaandika tena "akasubiri". Sina haja nalo. Watoto wanaweka kokoto.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu sisi wakubwa. Bibi alikuwa amemwahidi Hidaya: "Adhana ya Magharibi ikiadhiniwa, tende itakuwa mkononi mwako." Nimeandika sentensi hiyo mapema, kwenye ukurasa wa daku, na siruhusu ivunjwe. Mtume amehimiza kuharakisha kufuturu jua likishazama. Maana yake, ndugu zangu, subira ya saumu ina mwisho wake, na mwisho unaheshimiwa. Mkubwa anayemwambia mtoto "ngoja kwanza nimalize kazi hii, ndipo ule" baada ya adhana amemnyang'anya kitu ambacho mtoto amekifanyia kazi mchana kutwa.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani walichapisha jaribio dogo lililowahusu watoto 28, wa umri wa miaka mitatu hadi mitano. Kila mtoto alipewa vifaa hafifu vya kuchorea, akaahidiwa vizuri zaidi akingoja. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akasema samahani, havipo. Kisha kila mtoto akawekewa peremende laini moja mezani, akaambiwa asipoila mpaka mkubwa arudi, atapata mbili. Walioletewa vifaa walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walingoja kama dakika 3.

Dakika 12, na dakika 3. Tutawaita hawa wa dakika 3 watoto wasio na subira? Mimi naona walikuwa wamejifunza vizuri sana kilichofundishwa. Walimu, wazazi, tunapolalamika kwamba mtoto fulani hana subira, tujiulize kwanza ameahidiwa mangapi, na yamefika mangapi. Bibi wa Hidaya amemwamsha kwa daku kama alivyosema, na tende itakuwa pale. Hidaya anaweza kungoja kwa sababu anajua bibi yake ni mtu wa namna gani.

Basi tumalize kisa. Watoto, sogeeni.

Kivuli cha kijiti kikafika kwenye nyasi, kikawa kirefu mno, chembamba, cha rangi ya majivu. Hidaya akashika kokoto ya mwisho akitafuta ncha. Hakuiona. Akatazama huku, akatazama kule. Kivuli hakipo. Akainua macho: jua nalo halipo.

Bibi akamfungua kiganja, akaweka tende. Wakasikiliza. Mwanasesere wa sufu alikuwa mapajani mwa Hidaya, ana mikono miwili na mguu mmoja.

"Hakumalizika," Hidaya akasema.

"Wakati umekwisha kabla yake," bibi akamjibu.

Allahu akbar, Allahu akbar.

Hidaya akasema Bismillahi, akala tende yake.

Kisa kinaishia hapo. Mara ya kwanza nilipokisimulia hivi, yule msichana alikuwa ameingia darasa la tatu. Nilimwangalia yeye tu. Hakunyoosha kidole mpaka wenzake walipoanza kuinuka, ndipo akauliza, "Mwalimu, kijiti kilikuwa na urefu gani?" Nikamwambia, kama kiganja na nusu. Kesho yake baada ya Alasiri nilikuta vijiti saba vimechomekwa uani, na kila kimoja kina kokoto zake.